Herufi moja haikupeleki kortini

Wasee, hii tabia ya kuambiwa "enda kortini" kwa kila kosa la cheti cha kuzaliwa tuikatae. Binamu yangu ni Achieng, cheti kinasema Acheing. Broka mmoja akamwitisha pesa ya wakili. Wakili wa nini? Sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 149, inampa msajili mwenyewe uwezo wa kurekebisha kosa la uandishi. Unapeleka ombi, cheti chenyewe na karatasi zenye jina sahihi, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule.

Hata kama hukuwahi kusajiliwa na miezi 6 imepita tangu uzaliwe, bado unasajiliwa, ila kwa kibali cha msajili mkuu na ushahidi zaidi. Hiyo pia si kesi.

Korti inaingia ukitaka kutoa jina la baba au kuweka la mwingine. Hapo unagusa uzazi na urithi, na karani hafai kuamua hayo peke yake.

Kwa hivyo kabla utoe hata shilingi, jiulize: narekebisha herufi, ama nabadilisha mzazi?