Kadi za Bonane Kindu: ganda la yai kwanza, chumvi kwa tahadhari

Kila mwaka unapokaribia kuisha, kadi za Bonane zilizotengenezwa kwa mkono zinaonekana mjini Kindu. Kwa mama aliyehama kijiji chake sababu ya vita na sasa anaishi katika familia iliyomkaribisha Mikelenge au Alunguli, karatasi nene, mkasi na gundi ni mtaji mdogo ambao mtu anaweza kuuanza bila shamba. Kinachobaki ni kitu cha kung'aa. Wengi wanakimbilia payeti za dukani, ule unga wa rangi unaomwagwa juu ya gundi.

Payeti hizo ni plastiki. Ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa alumini na rangi, kisha ikakatwa vipande vidogo sana. Siku ya salongo, ufagio unakusanya chupa na sashe, lakini payeti haziokoteki. Mvua inazisukuma kwenye mtaro, na mtaro unazipeleka mto Lualaba, mahali watu wanapovua samaki na wengine wanapochota maji. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku mifuko na sashe za plastiki kwa dekreti ya mwisho wa Desemba 2017. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 17 Oktoba 2023, payeti za plastiki zinazouzwa kama unga wa kumwaga haziruhusiwi tena huko.

Basi kuziacha ni jambo la haki. Shida ni ushauri unaotolewa haraka kwamba chumvi inatosha kuchukua nafasi yake. Mjini Kindu, ushauri huo unaweza kumtia hasara yule yule mama anayetafuta faranga za chakula.

Ni kweli chumvi inang'aa. Kila punje yake ina pande bapa kama kijiwe kilichochongwa, na kila upande unarudisha mwanga. Chumvi ya punje kubwa ndiyo inayoonekana vizuri. Ile laini sana inaonekana nyeupe tu, kama unga. Lakini chumvi inavuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, punje zinaanza kuyeyuka zenyewe, hata kama hakuna tone la mvua lililozigusa. Bonane inaangukia katikati ya miezi ya mvua, na usiku wa Kindu una unyevu mwingi. Kadi iliyopendeza saa nane mchana inaamka asubuhi ikiwa na alama ya maji kuzunguka nyota, karatasi imekunjamana na wino umetawanyika. Mteja hawezi kuinunua, na karatasi imeshapotea.

Kuna namna rahisi ya kujua mapema. Weka kijiko kimoja cha chumvi kwenye sahani jioni, uiache ndani ya nyumba bila kuifunika. Asubuhi iguse kwa kidole. Ikiwa imeshikana au ina majimaji, wiki hiyo usitengeneze kadi za chumvi za kuuza. Katika kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, jaribio hilo linaweza kutoa jibu zuri. Hata hapo, usimwage chumvi kwenye gundi iliyo mbichi, kwa kuwa maji ya gundi yataiyeyusha. Ngoja mpaka gundi ianze kunata kidoleni.

Kwa miezi ya mvua, ganda la yai ndilo linalofaa. Karibu lote ni chokaa, na chokaa hiyo haiyeyuki kwa unyevu wa hewa. Tena haliombi pesa. Wauza mayai ya kuchemsha wanaozunguka mjini wanatupa maganda kila siku. Muuzaji akikubali kuyatia kwenye mfuko safi badala ya kuyaacha chini, kazi imeanza, na kwa kuwa yai limeshachemka, hatari ya vijidudu imepungua. Ganda la yai bichi lioshwe, kisha lichemshwe dakika 10 kabla mtoto hajalishika.

Tuchukue maganda 10. Yaloweke kwenye maji ya moto, kisha toa ngozi nyembamba ya ndani. Hatua hii watu wengi wanaiacha, na ndiyo inayoleta harufu na kufanya vipande vishikane. Yaanike juani siku nzima mpaka yavunjike kwa sauti kavu. Yaponde kwa chupa juu ya sinia, polepole, ili vumbi lisiingie puani, halafu uyapitishe kwenye chujio ya chai. Kinachobaki juu, punje kama za semoule, ndicho cha kupambia. Vumbi lililopita linaweza kupewa kuku. Maganda 10 yanatoa kama vijiko vitatu vikubwa vya punje. Nyota moja ya kadi inakula nusu ya kijiko cha chai, kwa hiyo hapo kuna kadi zipatazo 18.

Gundi inaweza kutoka kwenye muhogo. Koroga kijiko kimoja kikubwa cha unga laini wa muhogo katika vijiko vinane vya maji baridi, uweke motoni ukikoroga mpaka mchanganyiko uwe kama kioo. Upake kwa safu nyembamba na uutumie siku hiyo hiyo. Ukipaka mwingi, kadi itaota ukungu na mende wataila. Mwaga punje, kandamiza kidogo kwa karatasi, acha ikauke, kisha geuza kadi na uipige mgongoni kwa kidole. Punje chache zikianguka, ni kawaida. Nyota ikiachia, gundi ilikuwa nyepesi mno.

Lazima kusema ukweli mmoja: ganda la yai halimetameti. Linatoa weupe mtulivu, na uzuri wake unaonekana juu ya karatasi nyeusi, ya buluu au nyekundu. Juu ya karatasi nyeupe linapotea. Manjano ya jikoni yanalipa rangi nzuri, ingawa jua huifuta taratibu. Maji mekundu ya ngai-ngai yanadanganya, kwa sababu chokaa ya ganda inayageuza kuwa kijivu chenye ubuluu.

Anayetaka mng'ao wenyewe awaulize wauza samaki. Magamba makubwa yaoshwe kwa sabuni, yalale usiku mzima katika maji ya chumvi, yasuuzwe, kisha yakaushwe chini ya kitu kizito, bila hivyo yatajikunja. Magamba matano au sita katikati ya nyota ya ganda la yai yanashika mwanga kadi inapogeuzwa. Yakibaki na harufu, hayakuoshwa vya kutosha, yarudishwe majini.

Kwa hiyo wanaofundisha kazi za mikono katika shule, parokia na vikundi vya akina mama wasianze na chumvi kwa sababu tu ipo katika kila jiko. Kwa familia iliyokimbia na mikono mitupu, chumvi ni chakula kwanza. Kadi ya mazoezi ikiharibika darasani, mwanafunzi anacheka. Kadi 18 za kuuza zikiharibika usiku mmoja, kuna nyumba isiyopika. Mwezi wa kumi na mbili, wafundishe ganda la yai, na chumvi ingoje kiangazi.