Daftari la Bi Mwanaisha

Hadithi ya wiki hii inatoka Mariakani, karibu na njia panda ya kwendea Kaloleni, ambako Bi Mwanaisha ana duka lake dogo la vyakula.

Mumewe alipofariki alimwachia duka, mizani na binti mmoja, Salma. Alimwachia pia usemi aliokuwa akiurudia kila jioni anapofunga mlango: mali bila daftari hupotea bila habari. Bi Mwanaisha aliupenda usemi huo, lakini kwa miaka mingi aliamini kwamba kichwa chake kilikuwa daftari tosha.

Mwaka ule nyumba tisa za jirani zilimwekea amana. Kila wiki tangu Rajabu walimletea shilingi mia mbili, ili siku za mwisho za mfungo kila nyumba ipate sukari, unga wa ngano, mafuta na tende za sikukuu. Wakamwomba pia awaagizie mchele wa zaka ya fitri, awapimie, na aufikishe kwa mafukara kwa niaba yao.

Kumi la mwisho lilipoingia, mambo yalianza kumponyoka. Huyu alitaka tambi badala ya unga, yule aliongeza kilo mbili za sukari akiwa njiani kwenda kisimani, mwingine alituma mtoto na ujumbe uliosahaulika kabla haujafika. Mchana wa Ramadhani 23 alikuja Mama Hamisi.

"Bi Mwanaisha, wanambia sijatimiza zamu ya wiki iliyopita? Nami nililipa!"

"Mama Hamisi, mimi sikumbuki kupokea."

"Basi nafunga huku nikiitwa mwongo."

Akaondoka bila kuaga. Waliokuwa wamekaa barazani waliangalia chini. Bi Mwanaisha alifuturu siku ile kwa tende moja na maji, chakula kikamshinda.

Baada ya tarawehe hakulala. Aliwaza aya ya deni iliyomo ndani ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, na ambayo jambo lake ni kuandikiana. Vipi yeye aliyehifadhi sura ile utotoni alikaa na amana za watu bila karatasi? Alimwamsha Salma, akachukua daftari jipya la shule, wakaketi chini ya taa.

"Tuanze na leo, mama?" Salma aliuliza.

"La, mwanangu. Tuanze na sikukuu, turudi nyuma."

Hapo ndipo alipoliona kosa lake la kila mwaka. Alikuwa akihesabu siku thelathini, ilhali mwezi huweza kuandama usiku unaofuatia mfungo wa ishirini na tisa. Siku ya thelathini si ya mwenye duka. Ikija ni ziada, isipokuja haidaiwi. Kwa hiyo aliandika mwisho wa kazi yote kuwa alasiri ya Ramadhani 29, kisha akashuka ukurasa kwa ukurasa. Siku ya 28, wenye vifurushi waje kuchukua. Siku ya 27, mchele wa fitri upimwe na kupelekwa. Siku ya 26, mzigo ufike kutoka Mombasa. Siku ya 25 asubuhi, orodha ifungwe na pesa zitumwe. Atakayetaka kuongeza kitu baada ya hapo atanunua kilichomo dukani. Na kesho, siku ya 24, Salma apite nyumba zote tisa kuhakikisha hesabu, jina kwa jina.

Kila ukurasa aliugawa kwa mstari mmoja. Kushoto aliandika linalotakiwa kufanyika, kulia jina la anayelifanya na alama likishatimia.

Kesho yake Salma alirudi na mambo mawili.

La kwanza lilihusu fitri. Bi Mwanaisha alikuwa amekadiria watu arubaini, na kwa kilo mbili na nusu kwa kila kichwa, yaani pishi moja, alihitaji kilo mia: magunia mawili ya kilo hamsini. Daftari la Salma lilikuwa na majina arubaini na sita. Nyumba moja ilikuwa imepata mtoto mchanga wiki hiyohiyo. Nyingine ilikuwa na watoto watatu wanaosoma bweni mbali. Ya tatu ilikuwa na baba na mama wazee wanaoishi Kaloleni na kulishwa na mtoto wao aliyeko Mariakani. Bi Mwanaisha alikuwa amehesabu wale anaowaona wakija dukani, kumbe fitri humfuata anayelazimika kulishwa, awepo machoni au asiwepo. Kilo kumi na tano zilikuwa zimepungua. Zingegundulika wapi, kama si mbele ya gunia tupu usiku wa kuamkia Idi?

La pili lilimhusu Mama Hamisi.

"Mama, Hamisi asema alinipa mimi zile mia mbili," Salma alisema kwa sauti ndogo. "Ile siku ulipokwenda kutafuta maji. Nilizitia kwenye kopo la chumvi, nikasahau kukwambia."

Walilifungua kopo. Noti zilikuwemo, zimekunjwa.

Bi Mwanaisha alijitanda buibui, akaenda mwenyewe. Hakumtuma mtoto. "Nimekudhulumu mbele ya watu, dada yangu. Nimekuja kutaka radhi, na jioni nitasema hivi hivi barazani." Mama Hamisi alinyamaza kitambo, kisha akamkaribisha ndani. Tangu siku hiyo kila anayelipa huandikwa palepale mbele ya macho yake, naye huondoka na kipande cha karatasi chenye kiasi na tarehe.

Daftari halikuzuia kila msiba. Siku ya 26 lori halikutokea. Lilikuwa limeharibika njiani, upande wa Mazeras, na mzigo ulifika magharibi ya siku ya 27. Miaka ya nyuma angelia. Safari hii alifungua ukurasa, akaona kwamba siku moja imeliwa lakini kazi bado ina nafasi. Usiku ule, baada ya tarawehe, wanawake wanne walikuja na Mama Hamisi akiwa mbele. Mmoja alishika mizani, mmoja mifuko, Mama Hamisi akasoma majina, Salma akatia alama. Walipofika jina la arubaini na sita, mchele uliopimwa ulikuwa kilo mia na kumi na tano kamili.

Asubuhi ya 28 Kahindi wa mkokoteni aliupeleka kwa wanaostahiki. Mchana vifurushi vilianza kuondoka, na alasiri ya siku ya 29 hapakuwa na kitu dukani chenye jina la mtu.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba mwezi umeandama. Barabarani palizuka mbio; waliokuwa wakingoja siku ya thelathini walikimbilia madukani. Waliofika kwa Bi Mwanaisha aliwauzia kilichosalia, bila pupa, mpaka isha. Kisha alifunga mlango mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya usiku wa sikukuu tangu aachwe na mumewe, akakaa kumpaka Salma hina.

"Mama, daftari tulitupe sasa?"

"Geuza ukurasa, mwanangu. Andika juu: Idi ya kuchinja. Halafu hesabu kurudi nyuma."

Tuonane wiki ijayo, inshallah.