Toeni hicho kisanduku cha "Mwenye makosa"!

Leo sina mafunzo ya programu, nina ugomvi. Kuna kampuni fulani ya bima, jina naliacha, iliyonitumia fomu ya kuingiza kwenye mfumo wa madai ya ajali kutoka Migori na Homa Bay. Karani anasoma abstrakti ya polisi, kisha anajaza kisanduku kimoja cha lazima: MWENYE MAKOSA. Bila kukijaza, faili halihifadhiki. Nimekataa kukiandika, na hizi ndizo sababu zangu.

Abstrakti ni karatasi moja. Ina namba ya kitabu cha OB, namba za magari, jina la bima, majina ya walioumia, na mwisho maneno machache ya afisa. Mahakama za Kenya zimesema mara nyingi kwamba karatasi hiyo inaonyesha ajali iliripotiwa kituoni, si kwamba fulani alizembea. Sasa karani wa bima atajuaje zaidi ya hakimu?

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini mtu wa madai ataufahamu mara moja. Barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, karibu na Rodi Kopany, saa 1:40 usiku. Abstrakti inasema: "Pikipiki iliingia barabarani ghafla ikagonga Probox. Mwendesha pikipiki wa kulaumiwa. PUI."

Karani mwenye haraka ataandika "pikipiki" na kufunga faili. Ngoja kwanza! Nani alisema "ghafla"? Ukifungua maelezo yaliyoandikishwa, ni dereva wa Probox peke yake aliyefika kituoni usiku ule. Mwenye pikipiki alikuwa wodini amevunjika mguu. Kwa hiyo sentensi ya afisa ni maneno ya upande mmoja yaliyovaa kofia ya polisi. Na PUI maana yake uchunguzi bado unaendelea. Unawezaje kulaumu na kuchunguza katika mstari mmoja?

Halafu tazama kitenzi. "Ikagonga" tayari ni hukumu. Muhtasari usioegemea upande unasema "ziligongana", kisha unataja kila chombo kimeharibika wapi. Hapa ripoti ya ukaguzi inasema Probox imevunjika taa ya mbele kushoto, na pikipiki imepinda gurudumu la nyuma. Pikipiki inayogonga gari kwa mkia wake sijawahi kuiona, labda ninyi. Hata hivyo sisemi dereva alikosa. Pengine pikipiki iliingia kweli, ikakata kona, ndipo ikafikiwa kwa nyuma. Kazi yangu ni kuziweka dalili zote mbili mezani.

Shahidi naye ni mama muuza samaki aliyekuwa kando ya barabara. Abstrakti inamwita "shahidi aliyeona". Maelezo yake yanasema alisikia breki, akageuka, akaona mtu yuko chini. Basi muhtasari uandike hivyo: alisikia kabla, aliona baada, mgongano wenyewe hakuuona. Taa ya pikipiki kuwaka au kutowaka, hakuulizwa. Hilo pia liandikwe, maana ni swali la mpelelezi wa bima kwenda kuuliza.

Kwa hiyo badala ya kisanduku kimoja nimeweka jedwali:

```sql
CREATE TABLE dalili_za_kosa (
  chanzo  TEXT NOT NULL,
  maneno  TEXT NOT NULL,
  hali    TEXT NOT NULL,
  tarehe  DATE NOT NULL
);
```

Kila dalili ina mwenyewe. "Afisa: pikipiki ya kulaumiwa, hali: PUI." "Ukaguzi: gurudumu la nyuma limepinda, hali: imepimwa." Asilimia hakuna, kugawa lawama ni kazi ya korti au ya mawakili wakikubaliana.

Safu ya `hali` ndiyo waliyonipigia kelele zaidi, eti inachelewesha. Lakini kushtakiwa si kutiwa hatiani. Dereva akishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, hiyo ni dalili tu. Akitiwa hatiani na rufaa ikaisha au muda wake ukapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ile kuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa hilo. Mambo mawili tofauti kabisa, na kisanduku chao kinayaandika sawasawa!

Na `tarehe` ipo kwa sababu PUI huchacha. Aliyeumia ana miaka 3 ya kufungua kesi ya madai, na katika muda huo kituo kinaweza kutoa abstrakti nyingine yenye namba ya kesi ya trafiki. Ikija, iingie kama mstari mpya. Ile ya kwanza isifutwe, maana wakili wa upande wa pili anayo nakala yake.