Maneno kwa watoto wetu wanaoenda kusoma Ubelgiji: valizi isijae vyombo

Watoto wetu, toka Sandoa mpaka Kolwezi mzigo unaweza kupanda na wewe juu ya kamyo, hakuna anayeuliza. Kwenye ndege ni mambo mengine. Mara nyingi tikiti inaruhusu valizi ya kilo 23, na valizi tupu tayari ni kilo 4 hivi. Wamama tukiingiza sufuria tatu za alumini (kilo 4), blanketi nzito (kilo 3), unga wa bukari (kilo 5) na pasi (kilo 1), tumekwisha kilo 17. Nguo, viatu na vitabu vinabakiwa na kilo 6.

Tuanze na sufuria, maana hapo ndipo wamama tunabisha sana. Zile za alumini za soko letu ni nzuri juu ya makala. Lakini vyumba vingi vya wanafunzi kule vina jiko la kioo linaloitwa indaksheni. Jiko hilo halina moto: linapasha chuma cha sufuria yenyewe, na alumini ya kawaida hailikubali. Utaweka maji, utangoja, yatabaki baridi. Kwa hiyo nunua sufuria moja kule, yenye kitako sawa na kizito. Beba kipande kidogo cha sumaku: kikishika kitako, sufuria itafaa.

Mwiko ununue huku. Ni mwepesi, na mwiko wa kusonga bukari hauupati katika kila duka la wazungu. Chagua mti mkavu, laini, usio na ganda wala matundu ya wadudu.

Pasi na birika ya umeme viache. Umeme wa kule unalingana na wetu, shida ni prizi. Vyombo vingi vinavyopita Zambia vina meno matatu bapa, na ukuta wa Ubelgiji unataka meno mawili ya duara. Maduka ya vitu vilivyotumika, kama Les Petits Riens ya Bruseli, yanauza vyombo vya nyumba kwa bei ndogo. Blanketi nzito pia ungoje ununue kule. Ila beba vitenge viwili, na blanketi moja nyepesi ya usiku wa kwanza: ukifika siku ya mungu, maduka mengi yamefungwa.

Unga, kilo moja tu ya siku za kwanza. Matonge ya Bruseli inauza unga, sombe na mafuta ya ngazi, ingawa bei itakuumiza. Samaki wakavu wanaruhusiwa kwa kula kwako. Nyama na maziwa hapana, hata ya unga, hata mama akikufungia kwa machozi: douane watatupa.

Ile valizi tuipime tena: valizi tupu 4, unga 1, blanketi nyepesi 1, mwiko na vitenge kama 1. Zinabaki kilo 16.