HDR ya Bei Rahisi: Unalipia Mwangaza ama Stika?

Zunguka maduka ya kompyuta Kitale ama Bungoma siku hizi, hutakosa monita ya bei ya chini imebandikwa HDR kwa boksi. Tuseme muuzaji anakushow, "Hii ni HDR boss, ongeza thao tatu tu." Kabla utoe hiyo doo, jua unauziwa nini.

Anza na niti. Hicho ndicho kipimo cha mwangaza wa skrini, na monita nyingi za bei ya chini hucheza kati ya niti 250 na 300. Muvi nyingi za HDR nazo hutengenezwa zikilenga niti 1000 kwa sehemu kali, kama jua ama taa ya gari. Monita yako haifiki huko, so inaifinya picha yote ndio itoshee.

Halafu soma stika vizuri. Ikisema "HDR10" pekee, inamaanisha tu monita inakubali picha ya HDR ikiletewa. Haiahidi mwangaza wowote. "DisplayHDR 400" iko tofauti kidogo. Hiyo ni alama ya VESA, ilianza 2017, na monita lazima ipimwe ifike niti 400.

Lakini hata 400 iko na shida yake, na shida ni weusi. Chukua skrini ya IPS ya kawaida, ambapo nyeupe huwa na mwangaza mara 1000 ya nyeusi. Ikiwa kwa niti 300, nyeusi yake ni niti 0.3. Ukiipandisha hadi 400, nyeusi nayo inapanda hadi 0.4, juu taa ya nyuma ni moja kwa skrini yote. Cheki sini ya boda usiku: taa ya pikipiki inang'aa zaidi, lakini giza nalo linageuka kijivu. Dawa ni taa ya nyuma iliyogawanywa vipande vinavyojizima vyenyewe, ama skrini ya OLED. DisplayHDR 400 hailazimishi yoyote kati ya hizo.

Pimia hapo dukani. Waambie wachomeke laptop ya Windows 11, wacheze video ya HDR, kisha ubonyeze `Win + Alt + B` kuwasha na kuzima HDR. Ukiona rangi zimepauka na nyeusi imekuwa kijivu HDR ikiwa on, hiyo ni stika tu. Kama muuzaji anaapa ni DisplayHDR, tafuta modeli yenyewe kwa displayhdr.org. Isipokuwa hapo, usiamini boksi.

So thao tatu ziende wapi? Kama meza yako iko karibu na dirisha na jua la mchana linakusumbua, niti 400 zitakusaidia kuona hata HDR ikiwa imezimwa. Hiyo ni faida ya ukweli. Lakini kama unachezea gemu usiku kwa bedsita, niti 250 zinatosha. Kaa na ganji yako.