Kuhamisha Vyungu vya Maua Bila Kuvunja Shina

Wiki hii tunazungumzia mzigo ambao katika kuhama nyumba hukumbukwa mwisho, baada ya makabati kupandishwa na dereva kuanza kulalamika kuwa jua linapanda. Mzigo huo ni vyungu vya maua vilivyo barazani.

Tulipohama mara ya kwanza tulifanya kama wengi wafanyavyo. Asubuhi ya safari tulivimwagilia maji vyungu vyote mpaka vikatiririka, tukidhani tunavipa akiba ya njiani, kisha tukavipandisha juu ya magodoro nyuma ya lori. Tulipofika, magodoro yalikuwa tope. Asmini aliyotuachia marehemu bibi, aliyemwotesha mwenyewe kwa kipande cha tawi, alikuwa amevunjika chini kabisa, pale shina linapotokea udongoni. Alichipua tena kutoka mizizini, lakini ilipita zaidi ya nusu mwaka kabla hatujaona ua. Basi tulipotakiwa kuhama tena, kutoka Tanga kwenda Dodoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, tuliona afadhali kujua kwanza kosa lilikuwa wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa maji. Udongo uliolowa chepechepe ni mzito, na gari likitikisika hugeuka uji. Uji huo hauishiki mizizi; mmea hucheza ndani ya chungu kama mlingoti uliolegea, na shina hukatika pale pale alipokatikia asmini wetu. Lakini udongo mkavu nao haufai, maana huvunjika vipande na kuiacha mizizi wazi. Unaotakiwa ni udongo wenye unyevu wa kadiri, ambao ukiubana kiganjani hushikana bila kutoa tone. Ili kuupata, mwagilia vizuri siku mbili kabla ya safari, kisha usiongeze kitu. Mshubiri peke yake una hukumu tofauti: uache bila maji kwa wiki nzima, kwa sababu majani yake yakijaa maji huwa magumu na hukatika yakiguswa tu.

Wenye vyungu vya udongo wa kufinyanga wana kazi ya ziada. Chungu kikipasuka njiani, mmea na chungu vyote vimepotea. Sisi tulihamishia mimea yetu mikubwa kwenye makopo ya plastiki yaliyotobolewa chini, wiki tatu kabla ya safari, ili mizizi ipate muda wa kushika upya. Aliyechelewa na kubakiwa na siku mbili tatu asithubutu; ni heri asafiri na chungu chenyewe, akiwa amekiviringishia blanketi kuukuu. Wakati huohuo tulipunguza matawi ya asmini kwa theluthi moja hivi. Bibi wa nyumba hakupenda, lakini matawi marefu ndiyo yanayonaswa na kuvunjika, na majani yakipungua, maji yanayopotea njiani hupungua pia.

Kazi ya kufunga tuliifanya jioni ya kuamkia safari. Tulikata kipande cha kanga kuukuu, tukakipasua kutoka pembeni hadi katikati ili kipite pande zote mbili za shina, tukakilaza juu ya udongo. Chini yake tulishindilia karatasi za gazeti mpaka pakajaa hadi ukingo wa chungu. (Tulizichambua karatasi hizo kwanza, kurasa zenye aya na majina matukufu haziwekwi mahali kama hapo.) Kisha tulikaza kitambaa kuzunguka mdomo wa chungu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira huu ni bora kuliko kamba kwa kuwa hunyumbuka na kubaki umekaza hata chungu kikitikisika. Angalia neno hili: unafunga chungu, hufungi shina. Tumeona watu wakikaza kamba kwenye shina ili udongo usimwagike, na kamba hiyo hiyo ikachuna ganda la mmea njia nzima.

Matawi hufungwa kutoka chini kwenda juu. Mtu mmoja huyakusanya taratibu kwa mikono miwili, akiyainua kuelekea yanakoota, na mwenzake huzungusha shuka jepesi kuanzia chini ya chungu mpaka kileleni. Ukianza juu kwenda chini utayakunja kinyume na maungio yake, nayo yatabanduka. Mmea mrefu huchomekewa kijiti karibu na shina, kijiti kikafika chini ya chungu, wakafungwa pamoja kwa kitambaa mahali pawili.

Baada ya hapo chungu kinahitaji mahali pa kukaa ambapo hakiwezi kulala. Ndoo tupu za rangi za lita 20 zilitufaa kuliko maboksi. Chungu huingizwa ndani ya ndoo, na uwazi uliobaki pembeni hujazwa nguo kuukuu mpaka ukikisukuma kisisogee hata kidogo. Vyungu vidogo tulivipanga kwenye kreti, vikabanana.

Ndoo hizo tulizipakia mwisho ili zishuke kwanza, lakini hatukuziweka nyuma mlangoni. Nyuma ya ekseli ndiko lori linakorusha mizigo zaidi, kwa hiyo tuliacha nafasi mbele, nyuma ya kibanda cha dereva, sakafuni, zikabanwa na magunia ya nguo. Juu tulifunika turubai. Upepo wa gari linalokimbia hukausha majani upesi kuliko jua la barazani. Hata hivyo turubai lisigusane na mimea, na gari lisisimame juani muda mrefu. Tulitoka mara baada ya sala ya alfajiri, na tuliposimama Morogoro kwa adhuhuri tulimwomba dereva aegeshe chini ya mti, turubai likafunuliwa upande mmoja. Mwenye gari dogo azingatie zaidi: gari lililofungwa vioo juani huunguza majani kwa muda mfupi tu.

Tulifika usiku. Kazi iliyofanyika kabla ya kutandika vitanda ni kufungua mashuka na kuondoa karatasi, maana mmea uliofungwa muda mrefu huoza majani. Vyungu vilikaa kivulini siku kama kumi, havikuhamishiwa vyungu vingine, na vilipewa maji pale tu udongo wa juu ulipokauka kufikia pingili ya kwanza ya kidole. Hewa ya Dodoma ni kavu kuliko ya Tanga, kwa hiyo kipimo cha kidole kilitusaidia kuliko ratiba tuliyoizoea pwani.

Siku ya tano asmini alianza kupukutisha majani ya manjano, na nyumbani pakawa na huzuni. Tulikwangua ganda la tawi kwa ukucha, tukaona kijani kibichi chini yake. Hiyo ni dalili kuwa tawi li hai. Lingekuwa la kahawia na kavu tungelikata. Hatukuongeza maji wala mbolea, kwa sababu mizizi iliyotikiswa haiwezi kuvitumia. Wiki ya tatu vichipukizi viwili vilitokea chini ya kijiti.

Mrehani hatukuubeba. Ni laini mno kwa safari hiyo, na mbegu zake zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi zilitosha.

Anayehama kwa kuvuka mpaka wa nchi asipakie chungu kabla ya kuwauliza wakaguzi wa afya ya mimea wa huko aendako, kwani mimea na udongo huweza kuzuiwa mpakani.