Bukavu: Sifa ya mkubwa wa kazi inasaidia barua, au inaiharibu?

Katika Kongo, cheti ambacho mfanyakazi anapewa kazi inapoisha hakisemi kama alifanya vizuri. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri aandike aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya mfanyakazi katika shirika la usalama wa jamii. Haruhusiwi kuongeza neno lingine. Ndiyo maana wengi mjini Bukavu wanatia sifa zao ndani ya barua ya kuomba kazi. Si kosa, lakini sifa nyingi zinawaangusha.

Chukua mfano wa kijana aliyelinda depo ya dawa na sasa anaomba kazi ileile kwenye shirika lingine. Anaandika: "Mkubwa wangu alisema mimi ni mfanyakazi bora kuliko wote." Anayesoma hajui ni mkubwa gani, alisema lini, wala alikuwa amepima nini. Tena amesoma sentensi kama hiyo katika barua kumi siku hiyohiyo. Kwake, huyu kijana anajisifu kwa mdomo wa mtu mwingine.

Angeandika hivi ingekuwa tofauti: "Katika tathmini ya Desemba 2023, msimamizi wa depo aliandika: 'Kwa miezi sita, hesabu ya dawa haikupishana na daftari.' Nakala iko pamoja na barua hii." Hapa kuna cheo, tarehe, na kazi iliyopimwa. Tena inajibu kile tangazo la kazi linatafuta: mtu wa kulinda mali bila upungufu.

Sifa ya mteja inapimwa vilevile. "Wateja wananipenda" haina uzito. Fundi cherehani wa Kadutu akiandika kwamba shule moja ilirudi kwake miaka mitatu mfululizo kushonesha yunifomu, kurudi huko kunasema zaidi kuliko pongezi.

Hatari nyingine iko kwenye lugha. Mkubwa alisema kwa Kiswahili au Kimashi, "Huyu anafanya vizuri," na barua inamnukuu kwa Kifaransa kizito cha mistari mitatu. Akipigiwa simu, hatayatambua maneno hayo, na hapo barua nzima inatiliwa shaka. Maneno ya mdomo yaelezwe kwa ufupi bila alama za kunukuu. Alama hizo ni za yaliyoandikwa.

Na simu yenyewe siku hizi si rahisi. Tangu M23 iingie mjini Februari 2025, kuna ofisi zilizofungwa na wakubwa waliohama. Sifa ambayo shahidi wake hapatikani, wala haina karatasi, ni afadhali iachwe. Mahali pake pawekwe kazi yenyewe: depo ilikuwa na katoni ngapi, zilihesabiwa mara ngapi kwa mwezi, na nani alipokea funguo siku ya mwisho.